Barua kwa mwanangu: vipimo vyake viko kwenye daftari

"Mama, shikamoo. Yule mama wa korosho niliyempangia lebo za pakiti zake amenimalizia hela yangu jana, ndiye mteja wangu wa kwanza kunilipa! Nataka kumshukuru, na ajue pia kuwa nipo kwa kazi nyingine, lakini kila nikiandika naona kama naombaomba. Nimeshafuta mara nne. Nimwandikieje?"

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako nikiwa na pindo la kanzu mkononi, nikaliweka chini. Hongera. Hela ya kwanza ya kazi ya mikono yako haina mfano wake, na mimi ya kwangu naikumbuka mpaka noti zilivyokuwa zimekunjwa.

Kwanza, usimtumie shukrani leo. Leo mtumie mstari mmoja tu: "Shikamoo mama, nimepokea shilingi 90,000 iliyobaki, sasa zimetimia 180,000 na hatudaiani. Asante." Mtu aliyetuma hela kwa simu anataka kusikia kuwa imefika, na kuwa hesabu imefungwa. Ukichanganya hapo hapo na habari ya kazi nyingine, ataona hela haijapoa mkononi na wewe umeshanyoosha mkono mwingine.

Shukrani yenyewe isubiri stika za hizo lebo. Umeniambia zimechapwa Dar na zinashuka Mtwara kwa basi Alhamisi. Mpaka sasa yule mama amelipia kitu alichokiona kwenye kioo cha simu. Hajakishika. Mwache abandike pakiti zake za kwanza, kisha muombe picha, au kama una nafasi nenda mwenyewe mpaka kwake Mikindani. Korosho iliyokaangwa ina mafuta, na mafuta hayana adabu kwa karatasi. Chukua pakiti moja, paka kidole gumba mafuta kidogo, sugua pale palipoandikwa uzito na tarehe, hesabu mpaka kumi. Wino ukichafuka, au karatasi ikianza kuonyesha doa la mafuta, una kazi ya kurekebisha kabla ya kushukuru: zinazofuata zichapwe kwenye stika ya plastiki. Wino ukitulia, basi Jumamosi andika.

Sasa nikueleze kilichonifundisha mimi, maana sikujua haya tangu mwanzo.

Mwaka 1994, nikiwa na cherehani yangu pale barazani Lindi, mteja wangu wa kwanza alikuwa mke wa mwalimu mmoja. Nilimshonea magauni mawili ya Idi. Alipenda sana, akajitazama, akazunguka, akanilipa yote. Mimi kwa furaha nikamwambia pale pale: "Na watoto je? Na mapazia je? Niletee, nitakupunguzia." Akatabasamu, akasema atakuja. Hakuja. Ikawa akipita anapita upande wa pili wa barabara. Baadaye sana mdogo wake ndiye aliyenieleza: dada yake alikwenda nyumbani akijiuliza, kama huyu anaweza kupunguza, basi kwangu kaongeza kiasi gani? Na aliona haya kunikatalia mapazia, ndiyo maana alikuwa akinikwepa. Sikumpunja hata senti, mwanangu. Maneno yangu ndiyo yaliyompa shaka.

Baada ya huyo akaja mzee mmoja wa kanzu. Alipokuja kuichukua sikumuuliza kitu. Nilifungua daftari nikamwonyesha ukurasa wake: urefu 56, bega 19, mkono 24, na pembeni kipande cha kitambaa chake kimeshikwa kwa pini. Nikamwambia, "Vipimo vyako viko hapa babu. Siku ukitaka nyingine, mpe mtoto alete kitambaa tu, wewe usisumbuke kuja." Ilipokaribia Maulidi mtoto alikuja na vitambaa vitatu.

Tofauti ya hao wawili ndiyo jibu langu lote. Yule wa kwanza nilimwomba. Huyu wa pili nilimwambia nimemtunzia nini. Mlango niliurudishia tu bila kutia komeo, akausukuma mwenyewe siku yake ilipofika.

Wewe huna daftari la vipimo, lakini unavyo vyako. Una faili lake la lebo. Una rangi alizozichagua. Una maneno yaliyohakikiwa: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, na anwani yake. Kuyakusanya hayo kulikuchukua siku ngapi? Mtu mwingine akipewa kazi hiyo ataanza upya. Yule mama huenda hajui kuwa kazi hiyo imeshafanyika na haitarudiwa. Ajue.

Tena una kitu kingine, na hiki ndicho kikubwa: alikuambia mwenyewe kuwa anafikiria pakiti ya gramu 100 kwa ajili ya Nane Nane pale Ngongo, kwa sababu wapita njia hawanunui ya gramu 250. Neno hilo ni lake. Ukilikumbuka, humuuzii kitu, unamrudishia wazo lake. Ila lirudishe pamoja na kitu asichokijua, ndipo litakuwa na faida kwake. Asichokijua ni viwili. Kwanza, lebo ya gramu 250 haipunguzwi tu ikawa ya gramu 100. Maandishi ya chini yanakuwa madogo mpaka hayasomeki, na uzito lazima ubadilishwe, kwa hiyo inapangwa upya. Pili, muda. Tuhesabu kurudi nyuma. Maonyesho yanaanza Agosti 1. Kufungasha anahitaji wiki nzima, tuongeze na siku chache za dharura, basi stika ziwe mkononi Julai 20 au hapo karibu. Kuchapa Dar na kusafirisha, weka siku kumi, tunafika Julai 10. Kupanga, yeye kusoma, kurekebisha, weka wiki mbili. Kwa hiyo uamuzi wake uwe umefika kabla ya Juni 25. Leo tuko mwezi wa tano. Ana nafasi ya kutosha kuamua bila kukimbizwa, ndiyo maana kumwambia sasa ni msaada, na kumwambia Julai kungekuwa kumtia presha.

Mimi ningeandika hivi. Yageuze yawe na sauti yako:

"Shikamoo mama. Nimefurahi kuona pakiti zimesimama mezani na lebo haishiki mafuta. Nakushukuru kwa kuniamini na kazi hii, na hasa kwa ile jioni uliyokaa na mimi tukasoma lebo neno kwa neno. Ndipo tulipolikamata kosa la uzito kabla halijachapwa. Faili la mwisho nimekutumia hapa, lipo pia kwangu pamoja na rangi zako, ukihitaji kuchapa tena niambie tu. Ulitaja pakiti ya gramu 100 kwa Nane Nane. Ikiwa bado unaifikiria, lebo yake inahitaji kupangwa upya kwa sababu ya nafasi, na ili stika ziwahi Ngongo ni vizuri kuanza kabla ya Juni 25. Kama mwaka huu hapana, hakuna neno. Biashara njema mama, Mungu akufungulie."

Litazame hilo la kusoma lebo neno kwa neno. Ni kweli lilitokea, ulinisimulia wewe. Shukrani ya "asante kwa kuniunga mkono" angeweza kuipata kwa muuza vocha. Shukrani inayotaja jioni fulani na kosa fulani inamwambia kuwa ulimwona akifanya kazi, na kuwa sehemu ya uzuri wa lebo ile ni yake. Hapo ndipo andika kwa moyo, pengine popote usipazidishe.

Na faili ulitume kweli, lenye jina atakaloweza kulitafuta kwenye simu, kama `lebo_korosho_250g_mwisho.pdf`. Wapo wanaomnyima mteja faili ili arudi kwa lazima. Usifanye hivyo. Amelilipia.

Hakuna bei kwenye ujumbe huu, na wala usiseme "kwa bei ile ile", kwa sababu hujajua atataka nini, na neno hilo litakufunga. Punguzo usilitaje kabisa, nimeshakueleza lilivyonifanya. Vilevile usimwombe hapo hapo akutafutie wateja wengine. Subiri auze kwanza. Akishauza, watu wenyewe watamuuliza lebo kaifanya nani. Na usimwandikie "usinisahau mama yangu". Mwenye kazi nzuri hajiweki chini namna hiyo, na mama mtu mzima akisoma maneno hayo anaanza kukuonea huruma badala ya kukutegemea.

Mwandikie, usimtumie sauti. Atataka kuirudia ile tarehe, na sauti ya dakika mbili hairudiwi na mtu anayekaanga korosho.

Akijibu "asante mwanangu, nitakutafuta", mjibu "karibu sana mama" na uishie hapo. Akiuliza bei, hapo amekuja mwenyewe: mjibu siku hiyo hiyo, bei moja iliyo wazi, kilichomo ndani yake, na kwamba unaanza ukipata nusu, kama mlivyofanya mara ya kwanza. Utamu wa mteja kurudi usikufanye uanze bila nusu. Nimewahi kushona sare za watoto sita kwa mteja wa kurudi bila kushika kitu, na Januari ikapita nikiwa nazo kabatini.

Akinyamaza je? Alama za buluu za Wasapu zisikunyime usingizi, huenda alisoma akiwa jikoni. Una haki ya kumkumbusha mara moja, karibu na Juni 20, kwa sababu tarehe ile ni ya kwake zaidi kuliko yako: "Mama, nakukumbusha tu tarehe ya kuchapa inakaribia, kama ile ya gramu 100 bado ipo." Akinyamaza tena, achana nayo. Baada ya Nane Nane msalimie, muulize mauzo yalikwendaje, na siku hiyo usitaje kazi kabisa. Msimu wa korosho mpya unaanza Oktoba, atakuwa na sababu zake za kukutafuta.

Ukiandika, nitumie nisome kabla hujamtumia. Baba yako anakusalimu, anasema mbona husemi kama unakula vizuri. Na stika zikifika Alhamisi, mwombe yule mama moja kwa ajili yangu. Nataka kuibandika kwenye jalada la daftari la vipimo.

Mama yako,
Lindi