Dira nane za Nyegezi: nilivyojifunza kupima dira ya maji kwenye mtiririko mdogo

Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha kule Nyegezi, Mwanza, alinipigia simu akiwa na hasira. Dira kubwa ya getini ilionyesha uniti 96 kwa mwezi. Dira ndogo nane za wapangaji, ukizijumlisha, zilitoa uniti 82. Uniti 14 alizilipa kutoka mfukoni mwake. "Mwanangu, hawa wananiibia maji," aliniambia. "Wewe njoo unifungulie hizo dira uzipime, nijue wa kumfukuza ni nani."

Nilizifungua dira mbili kati ya nane, nikafungia vipande vya bomba mahali pake, nikazipeleka karakana. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Benchi letu ni la kawaida. Maji yanatoka kwenye simtanki lililo juu ya mnara, yanapita kwenye dira tunayoiamini, ambayo sisi tunaiita dira mama, kisha yanapita kwenye dira inayopimwa, halafu koki ya kurekebisha mtiririko, na mwisho ndoo. Nilifungua koki kubwa, lita 100 zikapita, dira ya mteja ikasoma 99.2. Kosa lake ni asilimia 0.8 chini. Safi. Nikabana koki hadi mtiririko mdogo, nikalinganisha na dira mama: zilisoma karibu sawa kabisa. Nikampigia mama nikamwambia dira zake ni nzima.

Hazikuwa nzima kwa kazi aliyozipa. Dira mama yangu ni ya aina ileile, kifeni kinachozungushwa na maji. Maji yakiwa machache, nayo inapoteza. Mbili zikipoteza pamoja, zinakubaliana, na wewe unadhani makubaliano hayo ni ukweli. Tangu siku ile, mtiririko ukishuka chini ya lita 100 kwa saa silinganishi dira na dira. Nalinganisha dira na mzani.

Nikazirudisha benchini dira zile mbili. Zilikuwa za nusu inchi, na usoni zimeandikwa `Q3 2.5` na `R80-H / R40-V`. Maandishi haya wengi wanayapita bila kuyaangalia, kumbe ndiyo yanayokuambia upime wapi. Q3 ni mtiririko ambao dira imetengenezwa kuubeba siku zote, hapa mita za ujazo 2.5 kwa saa, yaani lita 2,500. Namba ya R inagawanya hiyo Q3 na kukupa Q1, mtiririko mdogo kabisa ambao dira bado inawajibika kusoma vizuri. 2,500 ukigawa kwa 80 unapata lita 31.25 kwa saa. Kuna na Q2, ambayo ni Q1 mara 1.6, hapa lita 50 kwa saa. Kwa kiwango cha ISO 4064, dira mpya inaruhusiwa kukosea asilimia 5 juu au chini kati ya Q1 na Q2, na asilimia 2 kuanzia Q2 kwenda juu kwa maji ya baridi. Chini ya Q1 hakuna ahadi yoyote.

Sasa upimaji wenyewe. Toa hewa yote kwanza: acha maji yapite kwa nguvu dakika kadhaa mpaka mapovu yaishe kwenye kioo. Funga koki ya mwisho, subiri, uangalie kama kinyota, kile kidude cha usoni kinachozunguka maji yakipita, kinatikisika na kama maungio yanadondosha maji. Tone moja kila sekunde linaonekana si kitu, lakini kwa saa ni karibu theluthi moja ya nusu lita, na ukiwa unapima kwa lita 31 kwa saa hilo peke yake ni zaidi ya nusu asilimia. Likivuja baada ya dira na kabla ya ndoo, dira itaonekana inasoma zaidi kuliko ilivyo.

Kisha weka ndoo juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Piga picha uso wa dira ukiwa umeusimamia sawasawa, si kwa pembeni. Fungua koki uliyokwisha kuitega, acha maji yajae taratibu, funga, piga picha tena. Kwa lita 31.25 kwa saa, lita 10 zinachukua dakika 19 na sekunde 12. Usiharakishe kwa kupima lita 2. Kidude kidogo cha mshale kwenye dira hizi kinazunguka mara moja kwa lita, kina alama kumi, na jicho linaweza kukosea nusu ya alama mwanzoni na nusu mwishoni. Hiyo ni desilita moja. Kwenye lita 10 ni asilimia moja, unaweza kuivumilia. Kwenye lita 2 ni asilimia 5, yaani umeshamaliza ruhusa yote kabla dira haijakosea chochote.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hatulifanyi: mzani unatoa kilo, si lita. Maji yetu karakana huwa karibu nyuzi 26. Kwa joto hilo kilo 10 kwenye mzani ni lita 10.04, ukihesabu na msukumo wa hewa. Ni kidogo, lakini inaelekea upande mmoja kila mara, kwa hiyo ukirudia mara kumi haitajifuta. Hesabu ya kosa ni hii, na yote mawili yawe kwa lita:

```
E = (Vdira - Vhalisi) / Vhalisi x 100
```

Kwa dira ya kwanza, ikiwa imelala benchini, nilipata hivi: kwa lita 1,500 kwa saa, asilimia 0.8 chini. Kwa lita 200, asilimia 1.2 juu. Kwa lita 50, asilimia 1.2 chini. Kwa lita 31.25, asilimia 4 chini. Kwa lita 15, asilimia 35 chini. Kwa lita 8, kinyota hakikusogea kabisa, yaani mia moja chini.

Ukiyachora, weka mtiririko kwenye mstari wa chini kwa hatua za mara kumi: 10, 100, 1,000. Ukitumia hatua sawa, sehemu yote unayoitaka itabanana kwenye kona ya kushoto na hutaona kitu. Mchoro ukikaa vizuri unaona umbo lake: mteremko mkali kutoka shimoni upande wa kushoto, kisha kibonge kidogo juu ya sifuri, kisha mstari unaotulia. Kile kibonge cha asilimia 1.2 kisikutishe, dira nyingi za kifeni huwa nacho. Cha kukutisha ni mstari mzima kupanda juu pamoja na upande wa kulia, maana hapo mara nyingi chujio au matundu ya kuingizia maji yameziba kiasi, maji yanapita kwa kasi, kifeni kinazunguka zaidi ya haki yake. Uchakavu una sura nyingine. Unaanza kula kona ya kushoto, na kulia kunabaki kuzuri kwa muda mrefu. Ndiyo maana jaribio la koki kubwa halikuambii kama dira imechoka.

Kwa namba hizo dira ya mteja ilipita. Asilimia 4 kwenye Q1 iko ndani ya 5. Lakini nilikumbuka kitu: nilizifungua kutoka ukutani, zikiwa zimefungwa kwenye bomba linalopanda juu. Nikaisimamisha benchini vilevile ilivyokuwa kwake, nikarudia. Lita 50 kwa saa: asilimia 2.5 chini. Lita 31.25: asilimia 13 chini. Lita 15: asilimia 62 chini.

Ikilala vizuri, kifeni kinazunguka juu ya ncha ndogo na msuguano ni kidogo. Ukiigeuza, mhimili unalala ubavu na kusugua pembeni, na maji machache hayana nguvu ya kuushinda. Na dira ilishasema: `R40-V`. Ikifungwa wima, Q1 yake si 31.25 tena bali 62.5. Mtengenezaji hana kosa, wala mpangaji.

Halafu nikapanda juu ya paa. Kila mpangaji ana tangi lake lenye floti. Mtu anachota ndoo moja, maji yanashuka kidole kimoja, floti inafunguka kiunywele, na tangi linajazwa kwa mchirizi mwembamba. Nilikaa siku mbili na jagi na saa. Kwa makadirio yangu, asilimia 60 ya maji ilipita kwa mtiririko mzuri, 15 karibu na lita 50 kwa saa, 15 karibu na 30, na 10 karibu na 15.

Hapa ndipo watu wanapokosea kusoma mchoro: wanajumlisha makosa na kugawa kwa idadi ya vipimo. Ukifanya hivyo kwa zile namba za wima unapata zaidi ya asilimia 15, na mama angesema sawa, tofauti yake yote imeelezeka. Lakini kila kosa libebe uzito wa maji yaliyopita hapo. 15 ya maji mara 2.5 ni 0.4, 15 mara 13 ni karibu 2, 10 mara 62 ni 6.2, na ile 60 nyingine karibu na sifuri. Jumla ni kama asilimia 8.5 chini.

Kwa hiyo uniti 82 zilizosomwa zilikuwa kweli kama 89.6. Bado zinabaki uniti 6.4 zisizo na mwenyewe, na kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, hizo ni kama lita 9 kwa saa usiku na mchana. Tulifunga koki zote nane, tukachutama getini. Kinyota cha dira kubwa kilikuwa kinajizungusha polepole. Tulifukua bomba linalopita kati ya mawe, tukakuta kiungo kinachovuja na mwamba umeyanywa maji yote bila kuacha hata tope juu.

Dira ile ya getini sikuigusa, nawe usiiguse. Ina lakiri na ni mali ya mamlaka ya maji. Ukiitilia shaka, omba kwa maandishi ipimwe. Uhakiki wa kisheria wa vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Benchi la karakana kama yangu linakupa sababu ya kuomba, halikupi cheti.

Tulitengeneza kiungo, na dira zote nane tukazilaza kwa viwiko viwili kila moja. Floti hatukubadilisha, mama alisema hela imeisha. Kuna dira za pistoni ambazo zingeshika hata ule mchirizi, ila mchanga unaoingia kila bomba la mtaa likitengenezwa unazikwamisha, kwa hiyo sikumshauri. Mwezi uliofuata getini zilisomwa uniti 90, na kwa wapangaji 87. Alinipigia tena kunishukuru: "Wabeja, mwanangu. Na hizo tatu nani anazo?"

Nikamwambia ziko kwenye floti.