Barua ya kuomba hela ya dharura kwa bodi, upepo umeezua madarasa

"Upepo umeezua upande mmoja wa madarasa mawili, bodi ya shule inakaa wiki ijayo, naandikaje barua na makadirio naweka vipi?"

Mkuu pole sana. Nimekuwa mkuu wa shule ya sekondari na nimeandika barua ya hivyo, kitu kilichosaidia ni makadirio ambayo mjumbe yeyote anaweza kuyahakiki kwa futi kamba, maana ukiandika tu "ukarabati wa paa milioni tano" watakuuliza imetoka wapi na kikao kinaahirishwa huku watoto wako chini ya mwembe.

Barua yenyewe ukurasa mmoja tu. YAH: MAOMBI YA FEDHA ZA DHARURA KUEZEKA MADARASA MAWILI, husika na kichwa cha habari hapo juu, halafu moja kwa moja tarehe na saa ya upepo, madarasa gani, wanafunzi wangapi hawana pa kusomea na sasa hivi umewaweka wapi.

Sasa hesabu. Paa letu upande ulioezuliwa lilikuwa na urefu wa mita 18, bati moja likishalaliana na jirani yake linafunika kama sentimita 75, kwahiyo mistari 24, na kila mstari bati mbili za mita 3 kutoka kofia mpaka chini, jumla 48, nikaongeza 2 za kuharibika zikawa 50. Yaliyookotwa mazima yalikuwa 14, nikayatoa, tukabaki na 36 za geji 28 kwa 38,000 kila moja (bei ya huku kwetu wakati ule, wewe chukua za maduka matatu uambatanishe) sawa na 1,368,000. Mbao na papi 600,000, misumari 130,000, ufundi 600,000, usafiri 150,000, jumla 2,848,000. Weka asilimia 10 ya dharura, 284,800, inakuja 3,132,800. Hiyo ya kutoa mabati mazima usiiruke, wajumbe waliyaona yamepangwa uwanjani na wangeuliza tu. Yaliyojikunja usiyahesabu, yakinyooshwa yanavuja kwenye mikunjo.

Kingine andika kwanini paa liling'oka. Panda na fundi uangalie kenchi zilifungwaje ukutani, kwetu zilikuwa zimekalia ukuta bila kufungwa na nondo wala waya wa linta, upepo uliingia chini ya paa ukanyanyua kila kitu. Kama na kwako ni hivyo basi kazi ya kufunga kenchi iingie kwenye makadirio haya haya, usiiache kwa awamu ya pili, la sivyo mabati mapya yatafuata njia ile ile masika ijayo. Nyufa za ukuta na rangi weka barua nyingine kabisa, ukichanganya ombi linaonekana la kawaida na dharura inapotea.

Ambatanisha picha, na ripoti ya mhandisi wa halmashauri kama ataweza kufika kabla ya kikao. Nakala peleka kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu sekondari siku hiyo hiyo, kwasababu bodi inaweza kuridhia na akaunti ya shule ikawa haina hiyo hela.