Barua ya kuomba takwimu za jedwali lililochapishwa kama picha: ianze na hesabu, si na ombi

"Wakuu, naandika tasnifu kuhusu maji ya visima hapa Dodoma. Jedwali ninalolihitaji limechapishwa kama picha tu, namba hazinakiliki. Nilimwandikia mwandishi kwamba naomba data zake, hadi leo kimya. Barua ya namna hii inaandikwaje ili ijibiwe?"

Ndugu yangu, nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma nilikutana na jambo hili hili, tena katika fani hiyo hiyo ya maji, na barua yangu ilijibiwa. Ninaamini ilijibiwa kwa sababu ilikuwa na swali moja ambalo mwandishi peke yake ndiye angeweza kulijibu. Anayeandikiwa "naomba data zako" hajui unataka nini, utakifanyia nini, wala kazi hiyo itamchukua muda gani, kwa hiyo anaiweka kando mpaka apate nafasi, na nafasi hiyo haipatikani.

Kabla ya kuandika tena, linakili jedwali lote kwenye Excel kwa mkono. Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha zipo na zinasaidia, lakini katika majedwali ya kemia ya maji zina madhara mawili yanayojificha: huangusha alama ya "<" iliyo mbele ya namba, na hupoteza nukta ya desimali pale picha ilipofifia. Thamani iliyoandikwa <0.5, maana yake maabara haikuweza kutambua kitu chini ya hapo, inageuka kuwa 0.5 iliyopimwa kabisa, au 5. Msimamizi wangu alinielekeza nikae na mwenzangu, mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye picha iliyokuzwa, mwingine afuatilie kwenye Excel kwa kidole. Tulifanya hivyo maktabani, tukisoma kisima kimoja kimoja, na kila palipotutatiza kati ya 3 na 8 au kati ya 1 na 7 tulipaka rangi ya njano tukaendelea bila kubahatisha.

Baada ya hapo lipime jedwali lenyewe kwa mizania ya chaji, na hapa ndipo barua yako itakapopata nguvu. Maji hayana chaji ya umeme kwa ujumla wake, kwa hiyo jumla ya ioni chanya lazima ikaribiane na jumla ya ioni hasi, ukishazigeuza kutoka miligramu kwa lita kwenda milikwivalenti kwa lita. Tuseme safu wima B hadi E ni kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu, na F hadi I ni bikabonati, kloridi, sulfati na nitrati. Basi katika J, K na L andika:

```
=B2/20.04+C2/12.15+D2/22.99+E2/39.10
=F2/61.02+G2/35.45+H2/48.03+I2/62.00
=100*(J2-K2)/(J2+K2)
```

Namba ya mwisho ni tofauti kwa asilimia, na kwa kawaida kisima kisichozidi 5, iwe chanya au hasi, huhesabiwa kuwa kimepimwa vizuri.

Sasa chukua kisima cha mfano, ambacho tarakimu zake nimeziunda kwa ajili ya maelezo haya: kalsiamu 92, magnesiamu 34, sodiamu 118, potasiamu 9, bikabonati 305, kloridi 142, sulfati 72 na nitrati 28, zote kwa miligramu kwa lita. Ioni chanya zinafika 12.75. Ioni hasi zinafika 10.95 tu, na tofauti ni asilimia 7.6. Mtu anaweza kudhani amekosea kunakili. Lakini badilisha kigawanyo kimoja tu, cha nitrati, kutoka 62.00 kuwa 14.01, yaani chukulia kwamba maabara iliripoti nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati badala ya nitrati nzima. Ioni hasi zinapanda hadi 12.50 na tofauti inashuka hadi asilimia 1 hivi.

Huo si mchezo wa tarakimu. Maabara nyingine huripoti nitrati nzima na nyingine huripoti nitrojeni yake, na uwiano kati ya hizo mbili ni takribani 4.43. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita kama ni nitrati nzima, sawa na takribani 11 kama ni nitrojeni. Kisima chetu chenye 28 kiko salama kwa kipimo cha kwanza, lakini kwa kipimo cha pili kina nitrati 124, zaidi ya mara mbili ya kiwango, na hayo ni maji ambayo mtoto mchanga hatakiwi kuchanganyiwa maziwa nayo. Katika mji kama wetu, ambako zipo nyumba zenye kisima na choo cha shimo ndani ya uwanja mmoja, tasnifu nzima inaweza kugeuka juu chini kwa kichwa cha safu wima kilichoandikwa "nitrati (mg/l)" bila maelezo zaidi.

Hata hivyo kisima kimoja hakithibitishi kitu. Tofauti kama hiyo ya asilimia 7.6 inaweza kuletwa na bikabonati iliyobadilika kwa sababu sampuli ilichelewa kufikishwa maabara. Unachotakiwa kutazama ni mwelekeo wa jedwali zima. Kama visima vyenye nitrati kubwa ndivyo vinavyopotoka zaidi, vyote vikipungukiwa na chaji hasi, na vile visivyo na nitrati viko sawa, basi umepata sababu nzito ya kuuliza. Vilevile fahamu mipaka ya hesabu hii. Ukisoma kloridi 147 badala ya 142, mizania itasogea kwa nusu asilimia tu na hutagundua kosa, ndiyo maana zile njano bado zinamhitaji mwandishi. Na ukiona kila kisima kina tofauti ya sifuri kamili usishangilie, kwa sababu huenda sodiamu haikupimwa bali ilipatikana kwa kutoa, na hapo mizania haikuambii chochote.

Niliyemwandikia alikuwa profesa, na kwa mtu wa heshima hiyo barua rasmi inafaa, hata ikitumwa kwa barua pepe. Yangu ilikuwa karibu na hii, nimeondoa majina tu:

YAH: OMBI LA TAKWIMU GHAFI ZA JEDWALI LA 3

Profesa, shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na ninaandika tasnifu kuhusu nitrati katika visima vya mjini Dodoma chini ya usimamizi wa Dkt. (jina), ambaye nimemnakilia barua hii. Jedwali la 3 la makala yako limechapishwa kama picha, hivyo nimelinakili kwa mkono, na faili nimeliambatanisha. Tarakimu nilizopaka rangi ya njano sikuweza kuzisoma kwa uhakika.

Nikichukulia kwamba safu ya nitrati imeripotiwa kama nitrati nzima, visima vyenye nitrati kubwa vinapungukiwa na chaji hasi kwa zaidi ya asilimia 5. Nikichukulia kwamba imeripotiwa kama nitrojeni, visima hivyo hivyo vinakubaliana. Ninaomba unithibitishie ni ipi kati ya hizo mbili.

Aidha, ikiwezekana, ninaomba faili la awali la jedwali hilo, la Excel au CSV, likiwa na thamani kabla desimali hazijapunguzwa, pamoja na kiwango cha chini kabisa ambacho maabara iliweza kutambua. Sihitaji majina ya wenye visima wala viwianishi kamili vya GPS. Takwimu nitazitumia katika tasnifu hii pekee, nitaitaja makala yako kuwa chanzo, na sitampa mtu mwingine bila idhini yako. Iwapo takwimu ni mali ya taasisi nyingine, nitashukuru ukinielekeza ofisi ninayopaswa kuiandikia.

Utaona kwamba ombi la kwanza linajibika kwa neno moja, hata na mtu aliye safarini mwenye simu tu mkononi. Hilo nililikusudia, kwa sababu likijibiwa peke yake tayari tasnifu inaweza kusonga mbele. Faili lililoambatanishwa nalo linampa mwandishi nafasi ya kusahihisha njano zile na kulirudisha, kazi ambayo ni nyepesi kuliko kutafuta faili la zamani kwenye kompyuta aliyokwisha kuibadilisha. Profesa wangu alianza na hilo: alijibu kwamba ni nitrojeni, na faili la Excel likafuata baadaye kutoka kwa msaidizi wake. Ndani yake niliona jambo ambalo picha isingeweza kunionyesha kamwe: visima kadhaa vilivyoandikwa 0.25 havikuwa vimepimwa 0.25, bali vilikuwa chini ya 0.5, na nusu ya kiwango hicho ikawekwa ili wastani uweze kupigwa.

Sentensi ya majina na viwianishi usiiache. Kisima cha nyumbani kikiwekewa viwianishi kamili kinamtambulisha mwenye nyumba, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 watafiti wanayo sababu ya kuwa waangalifu. Mwandishi akiona umelifikiria hilo kabla yake, kikwazo kimoja kimeondoka. Kama kweli unahitaji mahali, omba jina la kata.

Akinyamaza, mpe wiki mbili au tatu kisha umkumbushe kwa mistari miwili ukiwa umeibakisha barua ya kwanza chini yake, na baada ya hapo mwandikie mwandishi mwenza, kwa kuwa anwani ya barua pepe iliyochapishwa mara nyingi ni ya chuo alichokwisha kuhama. Wakati unasubiri, angalia kama makala ilitokana na tasnifu. Viambatisho vya tasnifu iliyoko maktabani mara nyingi huwa na majedwali kwa maandishi, tena yakiwa hayajafupishwa ili yaenee kwenye ukurasa wa jarida. Kama visima ni vya Makutupora au vya jirani na hapo, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu nayo ni ofisi ya kuiandikia, kwa barua ya utambulisho kutoka chuoni.

Faili likifika, usilifute lile ulilonakili kutoka kwenye picha. Yaweke sambamba, utoe namba za moja kutoka kwenye za jingine, kisima kwa kisima. Pale yanapotofautiana kwa zaidi ya kile ambacho kupunguzwa kwa desimali kunaweza kuleta, mwandikie tena mwandishi ukimtajia kisima na safu, kwa sababu inawezekana kosa liko kwenye jedwali lililochapishwa, na katika tasnifu utapaswa kueleza umetumia thamani ipi na kwa idhini ya nani.