Swichi za sumaku za kibodi: kina cha kushtua na Rapid Trigger

"Nimeweka kina cha kushtua cha kila kitufe 0.1 mm, sasa herufi zinajiandika nikiegemeza vidole tu. Swichi ni mbovu?"

Ndugu, kwa dalili hiyo sidhani kama swichi ni mbovu. Sensa iliyo chini ya kila kitufe hupima nguvu ya sumaku inayoshuka pamoja na shina la swichi, hivyo kwa 0.1 mm uzito wa kidole pekee unatosha kuandika herufi. Rudisha kina cha kushtua, yaani umbali ambao kitufe hushuka kabla ya kuandika, hadi 1.2 mm, kisha uwashe Rapid Trigger kwa 0.2 mm.

Mipangilio hii miwili ni tofauti. Rapid Trigger ikiwa imewashwa, ukibonyeza A hadi 3.0 mm kisha ukainua kidole kidogo tu, kitufe huhesabiwa kimeachwa kikifika 2.8 mm, wala hakisubiri kupanda hadi juu ya 1.2 mm; ukikishusha tena 0.2 mm, kinashtuka upya. Wepesi wa kusimama ghafla katika michezo ya kufyatuliana risasi hutoka hapa, si kwenye kina kifupi.

Herufi zikiendelea kujiandika bila kuguswa, sawazisha sensa upya kwenye programu ya kibodi, hasa kama umebadilisha swichi, kwa kuwa sumaku hazilingani nguvu.