Hakutoa mahari, lakini nyumba mlijenga wawili

*Shangazi, shikamoo. Naishi Pasua, Moshi. Tangu 2013 naishi na mzazi mwenzangu, hatukufunga ndoa wala hakupeleka mahari kwetu. Tuna watoto wawili. Mwaka 2016 tulinunua kiwanja hapa Pasua kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, jina liliandikwa lake peke yake, tukajenga nyumba ya vyumba vitatu. Yeye ni dereva wa lori, mimi nauza mitumba Memorial. Tulijenga pia nyumba ndogo kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake huko Kibosho. Sasa anataka kufunga ndoa kanisani na mwanamke mwingine. Dada zake wanasema sikuolewa, kwa hiyo niondoke na nguo zangu. Juzi amekuja mtu kuikagua nyumba kama mnunuzi. Je, nina haki yoyote? Mama Brayan.*

Marahaba, mwanangu. Haki unayo, na kutotolewa mahari hakuiondoi. Ila anza na huyo mnunuzi, kwa sababu nyumba ikishauzwa utakuwa unafukuzana na fedha, na fedha za mtu anayejiandaa kwa harusi hazikai.

Nyumba yenu haina hatimiliki, ina karatasi ya mtaa. Ingekuwa na hati, ungeweka zuio kwa Msajili wa Hati na uhamisho ungekwama hapo. Kwa karatasi ya mtaa, kizingiti chako ni mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mnunuzi wa eneo kama hilo kwa kawaida hutaka mauziano yashuhudiwe na ofisi yake. Kesho asubuhi mwandikie barua, nakala kwa mtendaji wa kata. Eleza kwamba nyumba hiyo ndiyo makazi yako na watoto, mliijenga pamoja, hujaridhia iuzwe, na unakwenda mahakamani. Chapa nakala tatu: kila ofisi ibaki na moja, na ya tatu wakugongee muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi mtu kusema hakuiona. Huyo mnunuzi ukimpata, mwambie uso kwa uso mbele ya jirani kwamba kuna mgogoro, asije akadai baadaye kwamba alinunua bila kujua. Barua hii haina nguvu ya amri. Inakununulia siku chache tu. Amri yenyewe utaiomba mahakamani siku ile ile unayofungua shauri: nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani mpaka hukumu itoke.

Jambo la pili la haraka: wifi zako wakikuitia kikao cha familia na kukupa fedha za nauli na za kuanzia maisha, usitie sahihi karatasi yenye maneno "sidai chochote". Karatasi ya namna hiyo itatolewa mahakamani kama ushahidi kwamba mlishamalizana. Na usihame. Ukitoka, atakayeingia ni mwingine, na kumtoa ni kesi nyingine.

Sasa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawaone kuwa ni mume na mke, mahakama itadhania kwamba walioana kihalali. Watu huishika hiyo miaka 2 na kuisahau nusu ya pili. Miaka peke yake haitoshi. Lazima jamii iwe iliwajua kama mke na mume. Hapo ndipo kesi nyingi huangukia: mama anasema "tuliishi miaka kumi", mwenzake anajibu "alikuwa rafiki, nilikuwa namtembelea", na mama hana shahidi hata mmoja. Wewe mtafute balozi wako wa nyumba kumi, jirani aliyewaona mkiishi nyumba moja, na mtu wa upande wake aliyekuita shemeji au mke wa fulani msibani. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba, kadi za kliniki, kadi ya bima kama alikuandikisha kuwa mwenza wake, vyote weka pamoja. Habari ya mahari waachie wifi zako: kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa.

Dhana hiyo inaweza kuvunjwa. Njia kubwa ambayo mwanamume huitumia ni kuonyesha kwamba tangu mwanzo alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, ya kanisani au ya serikali, ambayo haijavunjwa. Aliyefungwa na ndoa ya namna hiyo hawezi kudhaniwa ameoa tena. Akina mama wengi wakisikia hivyo hukata tamaa na kuacha kesi, na ni makosa makubwa. Kifungu kidogo cha pili cha 160 hicho hicho kinakupa haki ya kuomba matunzo yako na ya watoto hata dhana ikivunjwa, na mahakama ina uwezo wa kutoa nafuu nyingine kama inavyofanya ndoa inapovunjwa. Mahakama ya Rufani ilishalisema wazi katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililochapishwa katika taarifa za sheria za 1994: watu walioishi kama mke na mume na wakapata nyumba, mahakama inaweza kugawa mali waliyoichuma hata kama dhana ya ndoa imekanushwa. Kwa hiyo akija na cheti cha ndoa ya zamani, kesi ya nyumba haijafa.

Kuhusu mgawo, nikuombe uliondoe kichwani neno "nusu kwa nusu". Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni mliyokopa kwa faida ya wote, mila za jamii yenu na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo yote ndipo ielekee kwenye usawa. Kazi ya nyumbani ni mchango. Hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, na linakufaa, kwa sababu mwenzako alikuwa barabarani na lori huku wewe ukilea na kusimamia mafundi. Lakini ukubwa wa mchango huthibitishwa kwa ushahidi. Atakayesema tu "nilichangia" atapewa kidogo.

Kwa hiyo kaa chini uandike historia ya nyumba kwa hatua: kiwanja, msingi, boma, kupaua, kupiga plasta, umeme, maji. Mbele ya kila hatua andika mwaka, nani alilipa, kwa fedha gani, na nani aliona. Kama mabati ulinunua kwa mkopo wa VICOBA, upo kwenye daftari la kikundi; mwombe katibu aje kutoa ushahidi na daftari lenyewe. Kama ulimtumia fundi fedha kwa simu, omba taarifa ya miamala kwenye mtandao wako. Risiti ya saruji ikipotea, fundi aliyepokea mifuko kwako ni shahidi mzuri kuliko unavyofikiri.

Mfano wa hesabu uone inavyokwenda. Tuseme mthamini ameikadiria nyumba ya Pasua shilingi milioni 40, na kuna deni la SACCOS la milioni 4 lililokopwa kujengea. Zinabaki milioni 36. Mahakama ikiona mchango wako unastahili asilimia 40, fungu lako ni milioni 14 na laki 4. Hapo swali linakuwa utazipataje, na wengi husahau kuliomba. Andika kwenye madai yako unachotaka: nyumba ithaminiwe, yeye akulipe ndani ya muda utakaopangwa, akishindwa iuzwe na fedha zigawanywe, au wewe ubaki na nyumba pamoja na watoto, umlipe yeye fungu lake. Hukumu ya asilimia isiyosema njia ya kulipa huzaa mgogoro mpya.

Nyumba ya Kibosho inahitaji uangalifu. Kihamba ni cha baba mkwe, na yeye si mdaiwa katika kesi yako. Ukidai ugawiwe kihamba, mzee atakuja kusema ardhi ni yake, naye atakuwa sahihi, na dai zima litaonekana la kupora ardhi ya ukoo. Dai thamani ya nyumba mliyoijenga, yaani fedha na nguvu ulizoweka, na uiache ardhi kwa wenyewe. Hata hivyo jiandae kwa upinzani: mzee akithibitisha kwamba nyumba aliijenga yeye, au aliomba ijengwe kwa ajili yake, hutapata kitu hapo. Ningekuwa mimi ningeweka nguvu zote Pasua.

Njia ya kufuata ni hii. Nenda kwanza baraza la usuluhishi la kata. Kuna mabishano ya kisheria kama ndoa ya kudhaniwa inahitaji hatua hiyo, lakini ukiipitia unamnyima mwenzako nafasi ya kusema shauri limefunguliwa kabla ya wakati. Baraza likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, Fomu Namba 3. Isome kabla hujaondoka: iseme kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, na iwe na majina yenu, tarehe na sahihi. Baraza likiandika kwamba "limegawa mali", wakumbushe kwamba kazi hiyo si yao, ni ya mahakama.

Ukiwa na hati hiyo fungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka ya mashauri ya ndoa na lugha yake ni Kiswahili. Usiende Baraza la Ardhi na Nyumba. Hili ni shauri la ndoa na utapoteza miezi. Katika madai, omba mahakama itamke kwamba kuna dhana ya ndoa, ivunje uhusiano huo, igawe mali, na itoe amri ya matunzo na malezi ya watoto. Dhana ikikanushwa, itoe nafuu hizo hizo chini ya kifungu cha 160. Orodhesha kila mali kwa mahali ilipo, mwaka ilipopatikana na mchango wako. Mali usiyoitaja sasa usitegemee kuiingiza kwenye rufaa, na ile aliyokuwa nayo kabla ya 2013 usiitaje, isipokuwa kama mliiendeleza kwa kiasi kikubwa mkiwa pamoja.

Kuandika madai usilipie kwanza. Hapo Moshi shirika la KWIECO hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake, na kata nyingi zina wasaidizi wa kisheria. Ulizia kwa mtendaji ukipeleka barua yako.