Hadithi ya mfuko wa ajali

"Hotuba ya mgombea wa sako yetu ya matatu ilinigusa, lakini sikumwamini. Nitaipimaje kwa vipimo viwili vya hadithi vya Fisher, mshikamano na uaminifu?"

Kuna aliyekujibu kwamba mshikamano ni hadithi kutojipinga; amepata nusu. Walter Fisher, mtaalamu wa mawasiliano, alitaka pia tuitazame hadithi kando ya hadithi nyingine za jambo hilohilo, na tuone kama mhusika anabaki yuleyule.

Katika hotuba hiyo mgombea alianza na utoto wake Kawangware, mama akikataa mikopo ya riba. Mwishoni akaomba sako ikope ili ianzishe mfuko wa ajali. Kilichombadilisha hakukitaja, na hapo ndipo mhusika alipovunjika. Nadhani ndipo imani yako ilipokatika.

Kisha uaminifu: je, aliyoyasimulia yanalingana na maisha unayoyajua? Alisema kila makanga ataweka shilingi 200 kwa siku. Wewe unajua siku za mvua, gari limekwama Waiyaki Way na hesabu ya mwenye gari haijatimia.

Ila waliompigia makofi waliisikia hadithi hiyohiyo ikilingana na maisha yao. Hapo Fisher hunitatiza: nani aamue ni maisha ya nani yatakayotumika kupimia?