"Niko tu" na makala mabichi

"Mwalimu, kuna dada mmoja wa Himbi tunaandikiana jioni. Kila mara ananiuliza 'Uko unafanya nini?' Mimi najibu 'Niko tu', yeye anaandika 'Sawa', kisha kimya. Nijibu namna gani?" – Msomaji, Goma

Kaka, dada huyo ana subira. Mimi ningenyamaza tangu Jumatatu.

Swali lake halina kosa. Wa pwani huicheka "uko unafanya", lakini kwetu inatenganisha la sasa hivi na la kila siku, ambalo ni "unafanyaka nini". Dada anataka la sasa hivi.

Nawe unampa "niko tu", maneno ninayoyachukia kuliko vumbi la kiangazi. Hiyo -ko ni ya mahali, ndugu zake ni -po na -mo: nipo hapa, nimo ndani, niko huko, pasipo wazi sana. Huku kwetu, toka Goma mpaka Lubumbashi, "niko" haikubaki ya mahali tu, imeshika pia kazi ya "ni": niko mwalimu, niko mgonjwa. Hilo nimelizoea. Lakini ukiongeza "tu", kazi yake ni kupunguza, na hapa hakukuwa na kitu cha kupunguza! Umemwambia dada kwamba upo, basi. Hivyo ndivyo anavyojibu mtu aliyesimamishwa na askari usiku. "Sifanyi kitu" ni pacha wake. Na "niko nakuwaza" wameshamwandikia wanne kabla yako.

Tazama ulichokuwa ukifanya kweli. Tuseme umeweka sombe jikoni, makala yamenyeshewa. Andika: "Niko nagombana na makala. Yanatoa moshi kushinda Nyiragongo, na sombe inaniangalia tu."

Umeona? "Tu" imerudi, safari hii ina kazi. Makala ni kitu anachokijua, Nyiragongo ni chumvi kidogo, na ugomvi haujaisha, kwa hiyo ana pa kuingilia. Ataandika, "Ulinunua wapi hayo makala?" Hapo usimjibu "sokoni". Mwambie, "Kwa jirani. Ameniuzia mabichi kwa bei ya makavu, na asubuhi ananisalimia vizuri kabisa." Sasa naye atakumbuka jirani yake, maana nani hana jirani? Akishaanza kumsimulia, acha makala yako, muulize habari za huyo wake. Wengi huharibu hapa: wanatupia mzaha wa pili, wa tatu, mpaka dada anageuka mtazamaji.

Kama hujapika, usijipikishe. Akikuuliza kesho sombe ilikuwaje, utakwama.

Na si kila muulizaji anataka mzaha. Mama mkwe wangu aliniuliza vilevile kwa simu, nikamjibu habari ya ugomvi na makala. Kabla ya saa kupita alituma mtoto na gunia zima. Mpaka leo kwenye vikao vya familia mimi ndiye mkwe asiye na makala.